Damu Isiyokatika Baada ya Miaka 40

Hedhi ya mwanamke mzima huja kila baada ya siku 24 hadi 38, hukaa siku 8 au pungufu, na haibadiliki sana mwezi hata mwezi. Kwa mwanamke mnene aliyevuka miaka 40, mpangilio huo huweza kuvunjika kwa namna ambayo wauguzi wa kliniki za wanawake huitambua haraka. Damu hupotea miezi miwili au mitatu, kisha hurudi. Huanza kwa matone, huongezeka, hutoka na mabonge, hupungua, huongezeka tena, na wiki ya tatu huingia ikiwa bado ipo. Maumivu huwa machache au hayapo kabisa. Chanzo kimojawapo kikubwa cha damu ya namna hii ni kunenepa kwa utando wa ndani wa kizazi. Utando huo ukiachwa kwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani, nayo si ile ya mlango wa kizazi ambayo wanawake hupimwa kila mara, bali saratani inayoota ndani ya kizazi chenyewe.

Kumbukumbu zinazofuatwa hapa ni za mama mmoja wa Tanga, muuza kanga na vitenge, aliyefika hospitali akiwa na miaka 46, uzito wa kilo 98 na urefu wa sentimita 158. Uzito huo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu ni 39, na mtu huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia kuanzia 30. Alikuwa na watoto wawili wakubwa na alitumia dawa za presha. Hadi miaka 44 aliziona siku zake kila mwezi na zilimaliza siku 5. Miaka miwili iliyofuata ndiyo yenye mafunzo.

Utando unavyonenepa

Kila mwezi, yai linapokuwa linakua ndani ya ovari, kifuko chake hutoa homoni ya estrojeni, na kazi yake kizazini ni kuujenga utando. Yai likishapevuka na kutoka, kifuko kilichobaki huanza kutoa homoni ya pili, projesteroni. Hiyo haiendelezi ujenzi. Huusimamisha, huukomaza utando na kuuandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka ghafla baada ya wiki mbili hivi, na utando wote hubomoka kwa pamoja. Kwa sababu umebomoka kwa pamoja, damu hutoka kwa siku chache na kukoma yenyewe.

Baada ya miaka 40 mayai huanza kushindwa kupevuka kila mwezi. Kifuko hukua na kutoa estrojeni, lakini yai halitoki, na yai lisipotoka hakuna projesteroni. Ujenzi huendelea bila wa kuusimamisha. Utando huo ni kama ukuta wa udongo uliopandishwa bila fito: unaporefuka humomonyoka upande huu leo na upande ule kesho, na haudondoki wote kwa mara moja. Ndiyo maana damu haifuati siku. Sehemu moja ikikauka nyingine imeshaanza kuvuja, huku estrojeni ikiendelea kujenga juu ya magofu.

Hali hiyo huwapata wanawake wengi wanaokaribia ukomo wa hedhi, wembamba kwa wanene. Unene unachoongeza ni chanzo cha pili cha estrojeni. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatase, ambacho huzichukua homoni zenye asili ya kiume zinazotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo na ovari, na kuzigeuza estrojeni. Kadiri mafuta yanavyokuwa mengi ndivyo ugeuzaji huo unavyozidi, nao haufuati mwezi wala haungoji yai. Zaidi ya hayo, kwa mtu mnene ini hutoa kidogo ile protini inayoishika estrojeni ndani ya damu, hivyo sehemu kubwa zaidi ya homoni hiyo hubaki huru kufanya kazi. Mwanamke mwembamba akikosa yai kwa miezi mitatu, estrojeni yake huweza kushuka na utando ukapumzika. Mnene hapati mapumziko hayo. Hata ovari zikishastaafu kabisa, mafuta huendelea kutoa estrojeni, na hii ndiyo sababu hatari haiishi na hedhi.

Miaka miwili ya kungoja

Mama wa Tanga hakupuuza damu yake. Alikuwa na daftari. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, hedhi haizidi siku 15, na damu inayopita hapo ni istihadha, ambayo mwenye nayo huoga, hujihifadhi na kusali. Ili ajue lini aache sala na lini aendelee, na ni siku ngapi za Ramadhani atazilipa, ilimbidi aandike kila siku damu ilipoanza na ilipokoma. Daftari hilo, lililoandikwa kwa ajili ya ibada, ndilo lililompa daktari historia ambayo wagonjwa wengi hushindwa kuitoa: siku 70 bila damu, siku 23 za damu, siku 41 bila damu, siku 19 za damu, kisha matone ya kuja na kuondoka kwa karibu miezi miwili.

Alichokosa ni mtu wa kumwambia maana ya hesabu hiyo. Shoga zake sokoni walimjibu kama wanawake wengi wanavyojibiwa: "Shoga, huo ni utu uzima, zinaaga hizo." Jibu hilo lina ukweli nusu. Hedhi inayoaga kwa kawaida hupungua: huchelewa, huwa nyepesi, hukaa siku chache. Inayoaga kwa kuongezeka, kwa mabonge na kwa wiki tatu mfululizo haiwezi kuachiwa umri peke yake.

Katika duka la dawa alipewa vidonge vya norethisteroni, miligramu 5 mara tatu kwa siku kwa siku 10. Damu ilikatika siku ya tatu. Siku chache baada ya kumaliza vidonge ilirudi kwa nguvu, akaamini dawa imeshindwa. Kwa kweli dawa ilikuwa imefanya inachofanya. Norethisteroni ni ya jamii ya projesteroni. Ikinywewa huushikilia utando, ikiachwa utando hudondoka, na damu inayofuata ni ya kuangusha kilichojengwa. Kama tatizo lingekuwa mwezi mmoja uliokosa yai, mzunguko mmoja wa vidonge ungetosha kusafisha na kuanza upya. Kwake mzunguko huo ulirudiwa mara nne ndani ya mwaka, na kila mara damu ilipotulia kwa wiki chache hakuna aliyeuliza utando una nini. Dawa ya kukata damu ilifanya kazi vizuri kiasi cha kuahirisha uchunguzi kwa mwaka mzima.

Kilichompeleka hospitali hatimaye hakikuwa damu. Alishindwa kupanda ngazi za soko akiwa na furushi la kanga, moyo ukimwenda mbio na masikio yakivuma. Wingi wa damu wake ulipimwa ukawa gramu 7.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu na chini ya 8 ni upungufu mkali. Kwa kuwa alikuwa ameshuka polepole, mwili ulikuwa umejizoesha, hata yeye mwenyewe aliuita uchovu wa biashara.

Maswali kabla ya vipimo

Daktari wa magonjwa ya wanawake alianza na jambo lililomchekesha mgonjwa: kipimo cha mimba. Katika miaka 46 mimba ni adimu, ila bado hutokea, na mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya kizazi hujitokeza kwa damu isiyo na mpangilio. Kipimo ni cha dakika chache, na kukiruka kunaweza kugharimu maisha. Kilitoka hasi.

Kisha yakaja maswali ya dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu na kijiti cha mkononi huvuruga damu bila kizazi kuwa na ugonjwa, na dawa za kuzuia damu kuganda huizidisha. Tamoksifeni, inayotumika baada ya saratani ya matiti, yenyewe hunenepesha utando. Hakuwa akitumia yoyote. Aliulizwa pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya kizazi au ya utumbo mpana, kwa kuwa kuna koo ambazo saratani hizo mbili hurithiwa pamoja.

Baada ya hapo mlango wa kizazi ulitazamwa kwa spekulamu. Hatua hii hairukwi Afrika Mashariki, ambako saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi, nayo huweza kutoa damu isiyoeleweka. Kizazi kikipigwa picha na mlango wake usitazamwe kwa macho, ugonjwa ulioko nje ya picha huachwa palepale. Mlango wake ulikuwa msafi.

Picha na mipaka yake

Ultrasaundi ya kupitia ukeni ilionyesha mambo mawili: uvimbe wa sentimita 2 kwenye ukuta wa nje wa kizazi, na utando wenye unene wa milimita 19.

Uvimbe ndio uliomshtua mgonjwa na jamaa zake, kwa kuwa uvimbe wa kizazi unajulikana na kila nyumba ina hadithi yake. Lakini uvimbe mdogo unaochomoza nje hauugusi utando, wala hauna namna ya kutoa damu ya wiki tatu. Uvimbe wenye kutoa damu ni ule unaoingia ndani ya nafasi ya kizazi, au ule mkubwa unaoipanua nafasi hiyo. Wanawake wengi wa umri huo wana uvimbe mdogo usio na shida yoyote, na mara nyingi hubebeshwa lawama ya damu kwa sababu tu ndio ulioonekana kwanza. Matokeo yake mgonjwa hupangiwa upasuaji wa uvimbe au huambiwa asubiri, na utando haupimwi.

Kuhusu milimita 19, picha ilihitaji kusomwa kwa tahadhari nyingine. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, yaani aliyekaa miezi 12 bila damu, kipimo cha unene kina nguvu: utando wa milimita 4 au pungufu huifanya saratani kuwa jambo la nadra sana. Kwa mwanamke ambaye bado anaona damu, hakuna mpaka wa namna hiyo. Utando wa kawaida huwa milimita chache baada ya hedhi na hufika hata 16 siku za mwisho za mwezi. Kwa hiyo utando wa milimita 9 kwa mwenye miaka 46 haumtoi mtu hatiani, na wa 19 haumtii hatiani. Picha huonyesha unene, polipu na uvimbe, lakini haionyeshi seli. Ripoti inayosema "utando ni wa kawaida" kwa mwanamke mnene wa umri huo anayeendelea kutoka damu haijafunga kesi.

Kinyama kinachoamua

Kinachoamua ni kipande cha utando kilichotazamwa kwa darubini. Mwongozo unaofuatwa na madaktari wengi ni kwamba mwanamke wa miaka 45 au zaidi mwenye damu isiyo ya kawaida achukuliwe sampuli ya utando. Aliye chini ya umri huo achukuliwe pia kama ana unene wa kupindukia, kama kwa miaka mingi mayai yake hayapevuki, au kama dawa zimeshindwa. Katika unene, basi, umri si kinga.

Sampuli huweza kuchukuliwa kwa mrija mwembamba wa plastiki wa milimita 3 hivi, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi bila dawa ya usingizi. Pale ambapo mrija huo haupatikani, bomba la mkono la kufyonza, lilelile linalotumika mimba ikiharibika, hufanya kazi hiyo vizuri. Ndipo palipozuka mgogoro. Mama wa Tanga aliposikia atasafishwa kizazi alikataa, kwa kuwa mtaani kusafishwa maana yake ni kutoa mimba, na mjane kama yeye asingeweza kujieleza. Muuguzi mzee wa wodi alimkalisha pembeni: "Mama, hapa hatutoi kitu kilichoingia. Tunachukua kinyama kidogo cha ukutani kikasomwe, kisha unarudi nyumbani kwa miguu yako." Alipewa kidonge cha maumivu saa moja kabla. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache, na maumivu yalikuwa ya tumbo la hedhi lililokaza.

Baada ya hapo sampuli ina safari yake, nayo huharibika njiani kwa urahisi. Hutakiwa kuwekwa mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, kwenye chupa yenye jina, tarehe na maelezo ya mgonjwa: umri, mpangilio wa damu, dawa za homoni alizokunywa na lini. Maelezo hayo yana uzito, kwa kuwa norethisteroni ya wiki iliyopita huubadilisha utando, na msomaji asiyeambiwa anaweza kusoma alama ya dawa akaiona kama hali ya asili. Sampuli iliyowekwa kwenye maji ya chumvi ikasafirishwa siku mbili huoza na kutoa jibu lisilosomeka. Jibu la "sampuli haitoshi" nalo si jibu zuri wala baya. Kwa mwenye utando mnene anayeendelea kutoka damu, ni amri ya kurudia.

Njia hii pia ina upofu wake. Mrija hufyonza unapogusa, na polipu au saratani iliyojificha kwenye kona moja inaweza kupitwa. Damu ikiendelea ingawa majibu ni mazuri, hatua inayofuata ni kuingiza kamera ndogo ndani ya kizazi na kuchukua sampuli kwa kuona.

Makundi mawili

Zamani ripoti za utando ulionenepa zilikuwa na makundi manne, na madaktari walitofautiana kuyasoma. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliyafanya mawili. La kwanza ni utando ulionenepa ambao seli zake hazijabadilika sura. La pili ni ulionenepa wenye seli zilizobadilika, zenye viini vikubwa visivyolingana.

Tofauti ya makundi haya ndiyo inayoamua matibabu. Katika kundi la kwanza, wanawake wanaopata saratani ndani ya miaka 20 ni chini ya 5 kati ya 100, na wengi utando wao hurudi hali ya kawaida. Katika kundi la pili, hatari ya miaka 20 ilikadiriwa kuwa takriban 28 kati ya 100. Lipo na jambo zito zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulichunguza vizazi vilivyotolewa kwa wanawake wa kundi hilo, na zaidi ya 4 kati ya 10 walikutwa tayari wana saratani ambayo sampuli haikuionyesha. Kwa hiyo mwanamke aliyemaliza kuzaa akiwa kundi la pili hushauriwa kizazi kitolewe pamoja na mirija. Anayetaka bado kuzaa, au asiyeweza kuvumilia upasuaji, hutibiwa kwa homoni huku akipimwa kila baada ya miezi michache.

Ripoti ya mama wa Tanga ilirudi baada ya wiki tatu: utando umenenepa, seli hazijabadilika sura. Jamaa walishauri kizazi kitolewe kabisa yaishe. Daktari alikataa kuanza na hilo, na sababu zake ni za kweli kwa wanawake wengi wa uzito huo. Dawa ya usingizi kwa mtu mnene mwenye presha ina hatari zaidi, damu huganda miguuni kwa urahisi baada ya upasuaji, na kidonda cha tumbo lenye mafuta huchelewa kupona. Katika kundi la kwanza hatari hizo ni kubwa kuliko faida, isipokuwa homoni zimeshindwa, seli zimebadilika baadaye, au damu haitulii.

Kurudisha homoni iliyokosekana

Kwa kuwa tatizo ni estrojeni isiyo na mwenzake, tiba ni kumrudisha mwenzake kwa muda wa kutosha. Njia inayopewa nafasi ya kwanza ni kitanzi chenye homoni ya levonojestreli. Hubeba miligramu 52 na kutoa mikrogramu 20 hivi kwa siku palepale utandoni, kwa miaka mitano au zaidi, huku kiasi kidogo sana kikiingia kwenye damu. Ya pili ni vidonge: medroksiprojesteroni miligramu 10 hadi 20 kwa siku, au norethisteroni miligramu 10 hadi 15 kwa siku, kila siku bila kuacha, kwa miezi 6 kwa uchache.

Maneno "bila kuacha" ndiyo yaliyomponyoka mama huyu. Kitanzi hakikupatikana wakati huo, akaandikiwa medroksiprojesteroni ya kila siku. Damu ilitulia baada ya wiki chache za matone. Alipokwenda kununua dawa za mwezi wa pili, muuzaji alimwambia kwamba vidonge vya namna hii hunywewa siku 10 tu za kila mwezi, kama alivyozoea, naye akafuata kwa kuwa vilikuwa nafuu kwa namna hiyo. Kwa miezi minne aliona damu kila mwezi, kwa siku zinazohesabika, na akaamini amepona. Sampuli ya mwezi wa sita ilisema vingine: utando bado umenenepa, ingawa seli hazikuwa zimebadilika.

Homoni ya siku 10 hupanga damu, lakini siku 20 zinazobaki estrojeni hujenga tena, na sehemu za utando ambazo hazikudondoka hubaki na ugonjwa wake. Kwa hiyo katika ugonjwa huu damu iliyotulia haithibitishi kupona, kama damu inayotoka ilivyokuwa haithibitishi saratani. Uthibitisho ni sampuli.

Awamu ya pili alipata kitanzi cha homoni. Aliambiwa mapema kwamba miezi mitatu hadi sita ya mwanzo matone huweza kuja na kuondoka, na kwamba hilo si kushindwa kwa kitanzi. Wanawake wasioambiwa hivyo hukitoa mwezi wa pili. Sampuli inaweza kuchukuliwa kitanzi kikiwa ndani. Baada ya miezi sita utando wake ulikuwa mwembamba na wa kawaida, na miezi sita mingine baadaye majibu yalikuwa yaleyale. Majibu mazuri mawili yanayofuatana ndiyo yanayohesabiwa kuwa kupona.

Damu iliyopotea na uzito uliobaki

Sambamba na homoni, upungufu wa damu ulitibiwa wenyewe. Katika gramu 7.4, bila kuvuja kwa kasi na bila moyo kushindwa, hakuongezewa damu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, salfeti ya feri ya miligramu 200, kimoja kwa siku, mbali na chai na maziwa kwa kuwa vyote viwili huzuia chuma kufyonzwa. Dawa hizo huendelezwa kwa miezi mitatu baada ya wingi wa damu kurudi kawaida, ili akiba ya mwili ijae. Wengi huacha pindi nguvu zinaporudi, na hedhi moja nzito huwarudisha walipokuwa.

Siku za damu nyingi kuna dawa isiyo homoni, asidi traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku zisizozidi 5, ambayo hupunguza damu bila kugusa chanzo. Haifai kwa aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni. Damu inayojaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, au inayoambatana na kizunguzungu cha kuzimia, si ya vidonge vya nyumbani. Inahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Uzito ulijadiliwa mwishoni, kwa kusudi. Kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha upevukaji wa mayai kwa baadhi ya wanawake ambao hawajakoma hedhi, na kila kilo inayotoka huondoa sehemu ya kiwanda cha estrojeni. Lakini kilo hutoka polepole, na utando ulionenepa haungoji. Mwanamke anayeambiwa "kapungue kwanza, kisha urudi" hurudi baada ya mwaka akiwa na uzito uleule na utando ambao haujasomwa. Mama wa Tanga alipungua kilo 8 ndani ya mwaka mmoja na nusu, kwa kuacha soda na vitumbua vya dukani na kwa kutembea kwenda sokoni. Hizo zilikuwa nyongeza ya tiba, na tiba yenyewe ilikuwa kitanzi.

Baada ya kupona

Kwa mwanamke aliyekuwa kundi la kwanza na uzito wake ukawa wa kawaida, majibu mawili mazuri humaliza ufuatiliaji, kwa onyo la kurudi damu ikianza upya. Mwenye kipimo cha uzito cha 35 au zaidi, au aliyetibiwa kwa vidonge, ugonjwa humrudia kwa urahisi, kwa hiyo hushauriwa sampuli moja kila mwaka. Kitanzi nacho kina umri wake, na kukisahau ndani baada ya homoni kwisha ni sawa na kuacha tiba.

Kipindi cha mwisho cha kuangaliwa ni baada ya hedhi kukoma. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila damu, kisha akaona hata doa moja kwenye kanga, huweza kudhani ujana umerudi au uzito wa kazi umemtikisa. Hedhi hairudi baada ya miezi 12. Damu ya wakati huo mara nyingi hutokana na utando uliokonda na kukauka, jambo lisilo na hatari, lakini ndiyo pia dalili ya kwanza kwa takriban wanawake 9 kati ya 10 wanaogunduliwa na saratani ya ndani ya kizazi. Hapo mlango wa kizazi hutazamwa, ultrasaundi hupima kama utando umezidi milimita 4, na ukizidi, au doa likijirudia hata kama haukuzidi, sampuli huchukuliwa, bila kujali majibu ya miaka iliyopita yalikuwa mazuri kiasi gani.